Kivuli Shingoni mwa Jino

Mtu ambaye hajawahi kumwaga ndoo ya daktari wa meno asijisumbue kunieleza habari za kazi chafu. Anselmi aliimwaga kila jioni kwa miaka saba, na hakuizoea hata siku moja. Ndani yake mlikuwa na pamba zilizolowa damu, mate mekundu ya watafuna tambuu, usaha wa watu waliosubiri mpaka shavu likavimba ndipo wakapanda ngazi, na chini kabisa, meno. Alikuwa akiziba pumzi, anamwaga, anaisuuza ndoo kwa maji ya karafuu ambayo hayakusaidia chochote, halafu anakwenda nyumbani kwake mtaa wa Gerezani na kula wali kwa shida.

Chumba cha Daktari Ghanshyam kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, katika mtaa unaotoka Mnazi Mmoja kwenda sokoni Kariakoo. Dirisha lilitazama barabara. Upepo ukivuma kutoka sokoni ulileta harufu ya papa mkavu, na masika yakinyesha mfereji wa chini ulifurika na kuleta harufu nyingine ambayo afadhali nisiitaje. Mwaka huo wa hamsini na saba masika yalikuwa mabaya. Watu waliingia na matope mpaka magotini, wakakaa kwenye benchi la ukumbini wakishika mashavu, na hapakuwa na mmoja aliyeuliza kwa nini mahali pa kutibu vinywa palinuka kuliko vinywa vyenyewe.

Anselmi hakuwa mtu wa ndoo tu. Wakati wa vita alikuwa jeshini, hospitali ya askari huko Nairobi, na sajini mmoja Mzungu mwenye kikohozi alimfundisha kupiga na kuosha picha za eksirei. Daktari Ghanshyam aliponunua mashine yake mwaka wa hamsini, alimtafuta mtu anayeijua, akampata Anselmi. Kuanzia hapo kazi ilikuwa hivi: mgonjwa anakaa, anawekewa mdomoni kipande kidogo cha filamu kilichofungwa kwenye karatasi, chenye ulimi wa karatasi ngumu katikati, anauma ule ulimi, na mwanga wa mashine unapita shavuni. Picha hiyo ya kuuma huonyesha meno ya juu na ya chini pamoja, na huonyesha hasa mahali ambapo kioo cha daktari hakifiki, pale katikati ya jino na jirani yake. Kisha Anselmi anajifungia kwenye stoo yenye taa nyekundu, anaiosha filamu kwenye dawa, anaitoa. Kilicho kigumu hutoka cheupe; kilichooza, au kilichokuwa chembamba, hutoka cheusi.

Sasa, Daktari Ghanshyam hakuwa mwizi wala mlevi. Ningependa awe mmoja wa hao, maana ingekuwa rahisi kumchukia. Alikuwa mzee safi, mwenye vidole vyepesi kupita daktari yeyote wa mji huu, anayetafuna iliki ili asimkere mgonjwa kwa pumzi yake. Tatizo lake lilikuwa aibu. Katika miezi ya kwanza ya mashine, picha zilitoka hafifu, zimepauka, na katika mojawapo alimwambia mwalimu mmoja aitwaye Kasmir kwamba meno yake yote ni mazima. Miezi mitano baadaye uso wa Mwalimu Kasmir ulivimba hata jicho likafumba. Akalazwa, akapona, akatoka, akaisimulia habari hiyo kila kibaraza kuanzia Mnazi Mmoja mpaka Jangwani. Daktari alikaa wiki nzima bila kushuka ngazi.

Aliposhuka alikuwa na amri moja: picha ziwe nyeusi. Akaongeza muda wa mwanga maradufu. Barafu ya kupoza dawa ya kuoshea, ambayo Anselmi alikuwa akiifuata Gerezani kila asubuhi, akaikataza, maana dawa ya moto hukoleza picha. Tangu siku hiyo filamu zilitoka nyeusi kama masizi, na daktari alizichukua zikiwa bado zinachuruzika maji, akasimama nazo dirishani, akazitazama kwenye jua la barabarani, akaanza kuhesabu matundu. Na matundu, niseme nini, yalijaa. Kila shingo ya jino, pale linapoingia kwenye ufizi, palikuwa na kivuli cheusi. Mahali pale ni pagumu kuzibwa, alisema daktari, risasi ya kuzibia haishiki chini ya ufizi. Basi aling'oa.

Sajini wa Nairobi alikuwa amemweleza Anselmi kuhusu vivuli hivyo. Jino limevaa kofia ngumu ya nje, na kofia hiyo inaishia shingoni. Chini yake kuna mfupa wa taya. Katikati, kati ya ukingo wa kofia na mwanzo wa mfupa, kuna sehemu ndogo iliyo uchi, nyembamba pembeni, na mwanga unaipita kwa urahisi. Ukizidisha mwanga, pale panaungua na kuwa peusi hata kama jino ni zima kabisa. Anselmi aliyajua hayo. Lakini yeye alikuwa mwosha picha, na mwenzake alikuwa daktari aliyesomea Bombay, na mwosha picha anapoanza kujifanya daktari huwa hana kazi wiki inayofuata. Akajiambia labda sajini alikosea.

Kisha mwaka uliopita, akimwaga ndoo, jino moja lilibingirika likaangukia sakafuni. Aliliokota kwa karatasi, kwa kinyaa, akalipitisha kwenye bomba. Lilikuwa jino ambalo asubuhi ile daktari alikuwa amelionyesha pichani na kusema shingo yote imeliwa. Anselmi aliligeuza huku na huku kwenye mwanga. Shingo ilikuwa laini, ya rangi ya maziwa, bila hata mkwaruzo. Akatia mkono kwenye ndoo ile ile, kwenye mate na damu, akatoa mengine sita. Manne yalikuwa mazima. Alitapika kwenye beseni la daktari, akalisafisha, akayamwaga yote, asimwambie mtu.

Hilo ndilo lililomkaa kooni. Si kwamba daktari alikosea. Kwamba yeye alijua, na kesho yake aliwasha taa nyekundu akaosha nyingine, na keshokutwa nyingine.

Katika mitaa ile ilikuwa imeingia desturi, na Daktari Ghanshyam ndiye aliyeileta bila kukusudia. Mama akitaka kuozesha binti, kabla ya kupaka hina alimpeleka kwanza ghorofani akaangaliwe kinywa, ili asije akaugua kwa mumewe wakaambiwa wamempa mtu mbovu. Wasichana waliingia wakicheka na kutoka na kitambaa mdomoni. Baadhi waliingia kwa bwana harusi na meno ya bandia, na mama zao walijivunia kwamba jambo hilo limekwisha, hakuna tena maumivu ya jino maishani. Anselmi akiwaona wakishuka ngazi alijisikia kama mtu aliyekula kitu kilichochacha.

Jumatatu ya wiki hiyo ya mvua alikuja Bi Fakhriya na binti yake Nunu. Bi Fakhriya alikuwa mke wa Mbaruk mwenye duka jingine la vitambaa karibu na soko, mwanamke mrefu, mwenye sauti, ambaye mume wake alimwogopa na wateja walimpenda. Nunu alikuwa na miaka kumi na minane na harusi ilikuwa baada ya wiki tatu. Alimwamkia Anselmi shikamoo kwa sauti ndogo, na alipofunua kinywa Anselmi aliona meno ambayo hakuwahi kuona mfano wake kwenye kiti kile: yamepangana, meupe, na ufizi wa pinki umeyakumbatia vizuri. Akauma ulimi wa filamu, kushoto, halafu kulia. Anselmi akaziosha kwa amri iliyopo.

Daktari alizipeleka dirishani zikichuruzika. Alihesabu kwa kidole, akarudi, akahesabu tena, akamgeukia mama kwa huruma ya kweli kabisa. Kumi na moja, alisema. Yote shingoni. Waje Alhamisi, atang'oa ya kushoto kwanza, ya kulia wiki itakayofuata, na meno ya bandia yatakuwa tayari kabla ya hina.

Nunu alianza kulia bila sauti. Mama yake akamshika bega, akamwambia asiogope, si jambo la kutisha hata kidogo, yeye mwenyewe alipita kwenye kiti hiki hiki mwaka wa hamsini na moja. Kisha, pale pale mbele ya watu, ili kumtia moyo mtoto, akaingiza vidole mdomoni, akatoa safu nzima ya meno ya juu na kumwonyesha. Yalikuwa yamepata rangi ya tambuu pembeni, na uzi wa mate uliyafuata kutoka mdomoni. Mashavu yake yakaingia ndani na uso wake ukazeeka miaka ishirini. Anselmi alitazama ukutani.

"Unaona?" alisema Bi Fakhriya, maneno yakivuja hewa. "Tangu siku ile sijaumwa."

Jioni ile Anselmi alibaki nyuma kwa kisingizio cha kufagia. Aliziweka picha za Nunu juu ya sanduku la taa ambalo daktari hakulitumia tena, akaziba mwanga wa pembeni kwa karatasi nyeusi, akachukua kioo cha kukuzia. Vivuli vilikuwa pale vyote kumi na moja. Lakini vilifanana mno. Kila kimoja kilikaa mahali pale pale, chini ya ukingo wa kofia na juu ya mfupa, na kingo zake zilififia polepole bila mpaka unaoeleweka. Ugonjwa hauna adabu ya kupanga foleni namna hiyo. Ungekuwa umekula jino hili na kuliacha lile, na tundu lake lingekuwa na kingo zake. Vilevile alijua tundu la kweli huanza wapi: juu zaidi, ndani ya ile kofia, chini kidogo tu ya mahali meno mawili yanapogusana. Huanza kama kabari ndogo, mdomo wake mpana uko nje na ncha inaelekea ndani.

Akatafuta kabari. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Kushoto chini, baina ya gego la kwanza na jino lililo mbele yake, hakuweza kuona, kwa sababu mwanga ulipigwa mshazari na meno hayo mawili yalipandana pichani. Kunaweza kuwa na kitu, kunaweza kusiwe. Alikaa pale mpaka macho yakamuuma. Mtoto wa watu atang'olewa meno kumi na moja kwa ajili ya vivuli, na kama kuna ugonjwa wowote, umejificha mahali ambapo daktari hakutazama.

Angeweza kwenda nyumbani. Alikuwa amekwenda nyumbani mara nyingi.

Alhamisi asubuhi alifuata barafu. Aliinunua kule kule Gerezani, akaibeba kwenye gunia chini ya mvua, akaitia kwenye beseni na kuisimamisha mikebe ya dawa ndani yake mpaka kipimajoto kikashuka pale sajini alipokuwa akikitaka. Bi Fakhriya na Nunu walipofika, daktari alikuwa na mgonjwa mwingine kitini. Anselmi akamwambia daktari kwamba picha za binti zimeingia madoa ya dawa, zimeharibika, yeye atapiga nyingine kwenye chumba cha pembeni chenye mashine. Ulikuwa uongo, wa kwanza kumwambia, na ulitoka bila kukwama. Daktari aliitikia kwa kichwa bila kugeuka.

Aliirudisha saa ya mashine kwenye muda ulioandikwa katika karatasi ya filamu. Akamweka Nunu kichwa sawa, akaisogeza pua ya mashine mpaka mwanga upite moja kwa moja katikati ya meno bila mshazari. Nunu aliuliza kama itauma. Akamjibu hii haiumi. Kisha akajifungia na taa nyekundu na akahesabu dakika kwa saa ya mkononi, mikono yake ikifa ganzi kwa baridi ya barafu, akaziosha, akazisuuza, na safari hii akazikausha kwanza.

Alipoziweka kwenye sanduku la taa hakuhitaji hata kioo. Meno yalitengana vizuri, kila moja na jirani yake, na uwazi mwembamba katikati. Vivuli vya shingoni vilikuwa vimepauka. Vingine vimebaki kama wingu dogo, vingine havipo kabisa. Na pale kushoto chini, kwenye gego la kwanza, upande unaogusana na jino la mbele, palikuwa na kabari. Ndogo, nyeusi, kingo zake zinaonekana. Ilikuwa imetoboa kofia na kufika tabaka la ndani, ikaanza kutanda kidogo chini yake. Moja. Katika kinywa kizima, moja.

Mgonjwa wa kwanza alitoka na shavu lake. Daktari alikuwa akinawa mikono. Anselmi akamwomba aje atazame, naye akaja akikausha vidole kimoja kimoja. Akainama kwenye sanduku. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko ambavyo Anselmi alitarajia, na harufu ya iliki ikajaa pale baina yao.

"Umepunguza mwanga," alisema hatimaye. "Umeufuta ugonjwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kasmir."

"Daktari, ugonjwa ukiwepo haufutiki kwa kipimo sahihi. Hili moja limebaki, tena linaonekana kuliko mwanzo. Kama yale mengine yangekuwa matundu, yangebaki nalo."

Anselmi, kwa kuwa sasa alikuwa amekwisha kuanguka shimoni na hakuwa na cha kupoteza, akamwomba achukue kile chuma chake chembamba chenye ncha, apapase shingo za meno ya binti chini ya ufizi, ncha ikikwama hata mahali pamoja yeye ataacha kazi leo. Akamweleza pia habari ya meno ya kwenye ndoo. Aliisema kwa ufupi, akitazama sakafu, maana alijua anajishtaki na yeye mwenyewe.

Mzee alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Uso wake haukuonyesha mshangao. Mtu anayesikia jambo kama hilo kwa mara ya kwanza hushangaa, hukasirika, hubisha. Huyu alikuwa kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa akiitegemea.

"Unajua ni watu wangapi?" aliuliza daktari polepole. "Nikisema huyu mzima, kesho wote watapanda ngazi hizo. Tangu mwaka wa hamsini. Niwape nini?"

Kisha akasimama, akajinyoosha koti, akapanga koleo zake juu ya kitambaa cheupe, moja baada ya nyingine, kwa vile vidole vyake vizuri. Akamwambia Anselmi amwite binti. Picha mpya alizigeuza kifudifudi.

Nimeshaona watu wakifanya maovu kwa hasira na kwa njaa, na yote hayo naweza kuyaelewa. Lakini kung'oa jino zima la mtoto ili usione haya mbele ya benchi, na kulipangia koleo kwa unadhifu namna ile, hapana. Anselmi alitazama kile kitambaa cheupe na akatamani harufu ya ndoo. Ndoo angalau ilinuka kama ilivyo.

Alitoka ukumbini. Nunu alikuwa ameinuka tayari, amekunja vidole. Anselmi akamwambia akae. Akamwita mama yake.

Bi Fakhriya aliingia na baibui lake likidondosha maji, akauacha mlango wazi. Daktari alimwambia haraka kwamba kuna kutoelewana kidogo, kwamba kazi ya mwosha picha ni kuosha, si kusoma. Bi Fakhriya hakumtazama. Alimtazama Anselmi, na akamwambia aseme alichomwitia.

Anselmi aliziweka picha zote nne kwenye sanduku la taa, za Jumatatu juu na za leo chini. Hakutumia neno lolote la kidaktari. Alimwonyesha kofia ngumu, nyeupe, alimwonyesha mfupa, alimwonyesha ule ukanda ulio uchi katikati na kumwambia hata kinywa cha mtoto wa miaka kumi kina kivuli hapo, na ukizidisha mwanga kinakuwa cheusi. Kisha akamwonyesha kabari. Mwanamke yule alikuwa ameuza vitambaa maisha yake yote, na kazi yake ilikuwa kukinyanyua kitambaa kwenye mwanga ili atenganishe palipofumwa nyepesi na palipotoboka. Aliinama mara moja tu.

"Hapa pamepauka," alisema, kidole juu ya shingo ya jino. Akakisogeza. "Hapa pametoboka."

"Ndiyo, Bi Fakhriya."

"Na hapa ni pamoja tu."

"Pamoja tu. Na panazibika leo."

Alimgeukia daktari. Anselmi alidhani atapiga kelele, benchi zima lisikie, na moyoni alitaka hivyo. Bi Fakhriya hakupaza sauti. Alimuuliza daktari kama ni kweli, na daktari akaanza kuzipanga upya koleo zake. Ndipo Bi Fakhriya, Anselmi alipomtajia kile chuma chembamba, akamwambia mzee akichukue. Akamwita Nunu, akamkalisha, na daktari akapapasa shingo za meno yote kumi na moja, jino baada ya jino, mbele ya macho ya mama, na kila mara ncha iliteleza bila kukwama. Mikono yake haikutetemeka. Hilo nalo lilimchukiza Anselmi, kwamba mikono ile ilikuwa mizuri vile.

Ingekuwa hadithi tamu zaidi kama wangeondoka hapo na kufunga mlango. Lakini tundu lilikuwepo, harusi ilikuwa baada ya wiki tatu, na hapakuwa na mtu mwingine wa karibu mwenye vidole vya kuziba tundu dogo kama lile bila kuliharibu jino. Bi Fakhriya alilijua hilo kama alivyolijua Anselmi.

"Ziba hilo moja," alisema. "Mimi nitasimama hapa."

Akasimama, bega kwa bega na daktari, mate ya mtoto wake yakimrukia mkononi. Anselmi aliishika picha kwenye mwanga ili mzee aone pa kuingilia. Mashine ya kukwangua ilivuma, harufu ya jino lililochomwa ikapanda, Nunu akakaza macho. Ilichukua nusu saa. Daktari alitoboa kwa juu, akashuka kidogo kidogo mpaka akaukuta uchafu wa kahawia pale pale picha iliposema, akaukwangua, akajaza risasi, akaisugua ikalainika. Kilikuwa kizibo kizuri. Pengine ndicho kizuri kuliko vyote alivyopata kufanya.

Nunu alitema kwenye beseni, akapangusa midomo, akatumwa akasubiri ukumbini. Mama yake hakumfuata. Alibaki amesimama kati ya kiti na dirisha, na barabarani chini mtu alikuwa akikokota mkokoteni kwenye matope.

"Picha zangu mimi zipo?"

Daktari alisema ni za zamani mno, hazifai tena. Anselmi alijua zipo. Zote zilikuwapo kwenye visanduku, kwa mwaka na kwa jina. Ilikuwa sehemu ya kazi yake kuzitunza, na alizitunza vizuri. Alikwenda stoo, akarudi na bahasha ya mwaka wa hamsini na moja. Filamu zilikuwa nyeusi kama masizi. Aliziweka juu ya taa, akaziba mwanga wa pembeni, akatazama kwa kioo. Angeweza kusema hazisomeki. Mzee kwa nyuma alikuwa akimwangalia, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba macho yake yalikuwa yakimwomba.

"Meno ya juu niling'olewa kumi na manne," alisema Bi Fakhriya. "Matundu mangapi?"

"Yanayoonekana katika picha ya kuuma, Bi Fakhriya, ni nane tu. Katika hayo nane, moja. Ni lile lililokuwa likikuuma. Mengine ni vivuli."

Ulimi wa Bi Fakhriya ulipita taratibu chini ya meno ya bandia, yakalegea, yakarudi mahali pake kwa mlio mdogo. Aliichukua picha moja, akaishika kwenye mwanga wa dirisha kama daktari alivyokuwa akifanya, akaitazama na weusi wake wote.

"Mbona hii ni nyeusi hivi, na ya Nunu ni nyeupe? Nani aliziosha?"

Daktari Ghanshyam alitazama chini. Angesema ni amri yake, na ingekuwa kweli, lakini hakusema, na Anselmi hakumngoja.

"Niliziosha mimi," alisema.

Bi Fakhriya alimtazama mikono, ile mikono yenye kucha zilizogeuka kahawia kwa dawa, ambayo nusu saa iliyopita ilimshikia binti yake picha. Aliirudisha filamu kwenye bahasha, akaitia bahasha ndani ya baibui, akatoka bila kuwaaga wote wawili. Ukumbini walimsikia akimwambia Nunu ajifunike, mvua bado. Kisha mmoja katika waliokaa kwenye benchi, mama mtu mzima mwenye safu mpya ya meno mdomoni, akasimama na kuja mlangoni, akamuuliza Anselmi kama na picha zake yeye bado anazo.